Sauti Inachelewa, Inakwaruza, Feni Inavuma: Kutafuta Chanzo kwenye Laptopu ya Studio

Anayerekodi muziki kwa laptopu akikuletea malalamiko, huyaleta yote kwa mkupuo: sauti inachelewa, inakwaruza, feni inapiga kelele, mashine imechoka. Kisha anauliza anunue intafesi gani mpya. Ukweli ni kwamba kuchelewa na kukwaruza ni matatizo mawili tofauti, na tiba ya moja huliamsha la pili. Ukiyachanganya utazunguka wiki nzima. Kwa hiyo tutayatenganisha kwa kufuata studio moja ya chumba kimoja hapa Kisumu, upande wa Kondele, ambayo mambo yote haya yaliipata kwa pamoja.

Mashine yenyewe ni ile ambayo wengi wetu tunayo: laptopu iliyotumika, ya kutoka ng'ambo, yenye Core i5-8250U, RAM ya giga 8, na Windows. Programu ni FL Studio. Kuna intafesi ya USB yenye matundu mawili ya maiki, na diski ngumu ya nje iliyojaa sampuli za piano na ngoma. Mwimbaji, dada anayeimba injili, alisema hivi: "Prodyusa, nikiimba kuna mtu ananiiga nyuma yangu."

Sauti inarudi ikiwa imechelewa

Kwanza ondoa yanayoondoka bila kazi. Ikiwa mwimbaji amevaa hedifoni zisizo na waya, acha kutafuta. Hizo peke yake mara nyingi huchelewesha sauti kwa zaidi ya milisekunde 100, na hakuna mpangilio wa kompyuta utakaozirekebisha. Kurekodi ni kwa hedifoni za waya, zikichomekwa kwenye intafesi yenyewe, wala si kwenye tundu la laptopu.

Sasa pima. Watu wengi wanakisia, ilhali kupima hakuhitaji kifaa chochote zaidi ya simu. Weka simu karibu na maiki na karibu na spika, sauti ya spika ikiwa chini ili maiki isije ikapiga filimbi. Anza kurekodi kwa simu, kisha gonga kibebeo cha maiki kwa kalamu. Simu itanasa milio miwili: wa kalamu yenyewe, na ule uliopita ndani ya kompyuta ukatokea kwenye spika. Ingiza rekodi hiyo kwenye programu, vuta picha ya sauti iwe kubwa, upime mwanya kati ya milio hiyo miwili. Huo ndio ucheleweshaji wote, kutoka maiki hadi sikio. Namba ambayo programu inakuonyesha huwa haisemi yote.

Kule Kondele mwanya ulikuwa takriban milisekunde 70. Sauti husafiri hewani kama sentimita 34 kwa kila milisekunde, kwa hiyo milisekunde 10 ni sawa na kusikiliza spika iliyo mita 3 na nusu kutoka kwako, jambo ambalo wanamuziki jukwaani wamelizoea. Kwa milisekunde 70 mwimbaji hana budi kuyumba.

Zilitoka wapi hizo 70? Sehemu ya kwanza ilikuwa kwenye Master. Biti ilikuwa tayari imewekewa mastaringi: ikwalaiza ya aina ya `Linear Phase` na limita. Plagini kama hizi husubiri zione sauti inayokuja kabla ya kuamua zifanye nini, na wakati zinasubiri kila kitu kinachopita kwenye Master kinasubiri nazo, pamoja na vokali anayojisikilizia mwimbaji. Tulizizima zote mbili, tukapima upya: ikabaki karibu 48. Hatukugusa kitu kingine. Zima mastaringi kabla ya kurekodi, uiwashe wakati wa kuchanganya.

Sehemu ya pili ilikuwa draiva. Ukifungua `Options > Audio settings` kwenye FL Studio, utaona orodha iliyoandikwa `Device`. Hapo palichaguliwa `FL Studio ASIO`. Ni draiva nzuri ya kutengenezea biti ukiwa kitandani, maana inaruhusu YouTube kulia sambamba na FL, lakini inaipitisha sauti ndani ya mchanganyo wa Windows, na njia hiyo ina foleni yake. Intafesi nyingi zina draiva yake ya ASIO kwenye tovuti ya mtengenezaji. Ipakue, isakinishe, kisha uichague kwa jina lake kwenye orodha ileile. Kama kifaa chako hakikuja na draiva yake, `ASIO4ALL` ndiyo njia mbadala. Kwenye Mac hutahangaika na hili kwa sababu `Core Audio` imo tayari.

Baada ya kubadilisha draiva, bafa ikiwa bado 512, mwanya ulishuka hadi kama 28. Na hapa hesabu inaingia akilini. Bafa ni idadi ya sampuli ambazo kompyuta inakusanya kabla ya kuzishughulikia. Kwa 44,100 Hz, sampuli 512 ni milisekunde 11.6. Sauti inasubiri mara moja ikiingia na mara nyingine ikitoka, hivyo 23.2, halafu ongeza chache za intafesi na USB. Ukishusha bafa hadi 128, kila kusubiri ni milisekunde 2.9 tu, na jumla inakuwa kama 11. Tukafanya hivyo. Dada akaimba ubeti mzima bila kulalamika, kisha kwenye kiitikio sauti ikaanza kukwaruza.

Kabla hatujaenda huko, kuna njia ya mkato. Intafesi nyingi zina kitufe au swichi iliyoandikwa `Direct` au `Direct Monitor`. Hicho kinaitoa sauti ya maiki moja kwa moja kwenye hedifoni bila kuipitisha kwenye kompyuta, kwa hiyo ucheleweshaji hausikiki kabisa na bafa unaweza kuiacha 512. Gharama yake ni kwamba mwimbaji anajisikia mkavu, bila rivabu. Na ukikitumia, zima usikilizaji wa maiki ndani ya programu, la sivyo atajisikia mara mbili na sauti itakuwa kama inatoka ndani ya bomba. Kwa waimbaji wa kwaya waliozoea kuimba bila mitambo, mimi huanza na kitufe hiki. Wale waliozoea kujisikia na rivabu huwa hawakikubali.

Sauti inakwaruza au kukatika

Mkwaruzo maana yake ni kwamba kompyuta ilipaswa kukabidhi bafa kwa wakati na ikachelewa. Kwa bafa ya 128 ina milisekunde 2.9 za kumaliza kazi, ilhali kwa 512 ilikuwa na 11.6. Ndiyo sababu kushusha bafa kunaponya ucheleweshaji na kuzua mikwaruzo. Kwenye dirisha lile la `Audio settings` kuna hesabu iitwayo `Underruns`: kila ikiongezeka, bafa moja imechelewa. Iangalie wakati muziki unacheza. Kama unasikia mkwaruzo na namba hiyo haisogei, basi tatizo liko kwingine: kebo mbovu, maiki iliyozidishiwa geni, au diski ngumu, tutakayoifikia.

Namba ikiongezeka, swali ni moja: je, ni mzigo wa muziki wenyewe, au kuna kitu nje ya muziki kinachomkatiza prosesa?

Jaribio la haraka: fungua projekti tupu yenye traki moja tu ya maiki, bafa ileile 128. Kama inakwaruza hata hapo, biti haina hatia. Pakua programu ya bure iitwayo `LatencyMon`, iwashe, uiache dakika kadhaa. Kwenye ukurasa wa `Drivers` panga kwa `Highest execution`, uone draiva ipi iko juu. Ukiona `ndis.sys` au `tcpip.sys`, ni mtandao. Zima waifai wakati wa kurekodi, kisha pima tena. Ukiona `nvlddmkm.sys`, ni kadi ya picha ya NVIDIA, na tafuta draiva yake mpya zaidi au ya zamani kidogo. Ukiona `ACPI.sys`, mara nyingi ni usimamizi wa umeme na betri, na hapo huanza na kusasisha BIOS. Kule Kondele ilikuwa waifai. Simu ilikuwa ikigawa bando, na laptopu ilikuwa ikipakua masasisho ya Windows katikati ya kiitikio.

Angalia pia kama chaja imechomekwa. Laptopu nyingi hujibana zikiwa kwenye betri, kwa hiyo stima ikipotea na ukaendelea kurekodi kwa betri, projekti iliyokuwa shwari dakika moja iliyopita inaweza kuanza kukwaruza. Haijaharibika. Pandisha bafa, au subiri stima irudi.

Projekti tupu ikiwa safi na ile ya biti inakwaruza, basi ni mzigo. Hapa nina msimamo: usipigane na mashine ya zamani. Biti ya Kondele ilikuwa na sinthi nyingi, kila moja na rivabu yake. Tuliitoa yote kama faili moja ya WAV, tukafungua projekti mpya yenye tempo ileile, tukaiweka WAV hiyo, kisha traki za vokali. Prosesa ikabaki na kazi ya kucheza faili moja na kusikiliza maiki moja. Tukashuka hadi bafa ya 64 bila `Underruns` hata moja. Vokali zikiisha, unazitoa zote kuanzia sekunde ya sifuri na kuzirudisha kwenye projekti kubwa, bafa ikiwa 1024, ambapo ucheleweshaji haumuumizi mtu kwa kuwa hakuna anayeimba. Hakikisha tu kwamba 44,100 Hz haikubadilika kuwa 48,000 njiani, kwa sababu programu isiporekebisha tofauti hiyo yenyewe, biti na vokali zitaanza pamoja kisha kuachana.

Inaanza vizuri, baada ya dakika ishirini inaharibika

Dalili hii ni joto. Fungua `Task Manager`, nenda `Performance`, kisha `CPU`, uangalie `Speed`. Hii i5-8250U imeandikwa 1.6 GHz, na inaweza kupanda hadi 3.4 ikiwa baridi. Ikianza kwa 3 na ushee, halafu ikashuka chini ya 1.6 huku `Underruns` zikipanda na feni ikivuma, prosesa inajikinga na joto.

Kisumu haisaidii. Mchana nyuzijoto hugonga 29 au 30, na chumba cha studio kimezibwa madirisha na kutundikwa mablanketi ili sauti isirudi. Laptopu inavuta hewa ambayo tayari ina joto. Mwenzangu wa Nakuru, kule juu kwenye baridi, akiwa na mashine kama hiyohiyo anaweza kurekodi mchana kutwa. Huku, fundi mwerevu hurekodi vokali asubuhi au usiku.

Fungua kifuniko cha chini. Kati ya feni na mapezi ya shaba au alumini utakuta vumbi limeshikana likawa kama kitambaa. Usipulize tu kutoka nje, litaingia ndani zaidi. Ondoa kipande hicho kwa brashi au kibano. Kabla ya kupuliza hewa, zuia mapanga ya feni kwa kijiti cha meno yasizunguke, maana kuzungushwa kwa kasi kubwa kupita kiasi huharibu beringi. Mashine ya miaka sita au saba ambayo haijawahi kubadilishiwa pasta ya joto juu ya prosesa, ibadilishe siku hiyohiyo. Kazi hiyo fundi yeyote wa simu na laptopu pale mjini anaiweza, ila kaa uione ikifanyika.

Feni inasikika kwenye rekodi

Hakikisha kwanza kwamba ni feni. Rekodi ukimya kwa sekunde kumi, usikilize kwa sauti ya juu. Mvumo wa hewa, sawa, ni feni. Mlio mwembamba unaobadilika ukisogeza mausi ni umeme mchafu unaopita kwenye USB. Mngurumo mzito usiobadilika ni stima, ambayo kwetu ni 50 Hz. Chomoa chaja: hivyo viwili vikipotea mara moja, chanzo ni chaja au muunganisho wa ardhi, na kusafisha feni hakutasaidia. Chomeka laptopu, spika na intafesi kwenye ekstensheni moja, kisha uondoe kigawanyio cha USB kama kipo kati ya intafesi na laptopu.

Ikiwa ni feni kweli, tumia umbo la maiki. Maiki nyingi za studio ni kadioidi, maana yake zinasikia mbele na kuziba mgongoni. Laptopu ikae nyuma ya maiki, si nyuma ya mwimbaji. Kisha ongeza umbali: kila ukiuongeza mara mbili, kelele inayofika moja kwa moja hupungua desibeli 6, ingawa katika chumba kidogo kuta hurudisha kiasi. Kebo ya USB ya mita 3 ni rahisi kuliko plagini yoyote ya kuondoa kelele.

Na unaweza kuifanya feni isiwe na sababu ya kuvuma. Fungua `Command Prompt` kama msimamizi, andika:

```
powercfg /setacvalueindex SCHEME_CURRENT SUB_PROCESSOR PROCTHROTTLEMAX 99
powercfg /setactive SCHEME_CURRENT
```

Kwenye laptopu nyingi asilimia 99 huzuia prosesa kupanda juu ya kasi yake ya msingi. Hii yetu inabaki 1.6 GHz, inapoa, na feni inatulia ndani ya dakika moja au mbili. Kwa kurekodi vokali juu ya faili moja ya WAV, 1.6 inatosha kabisa. Kwa kuchanganya projekti nzima haitoshi, kwa hiyo ukimaliza rudia amri hizo ukiandika 100 badala ya 99.

Noti za piano zinakatika, lakini Underruns hazisogei

Hapo ndipo diski ngumu ya nje inapoingia. Kule Kondele piano ya sampuli, iliyofunguliwa kwa plagini ya Kontakt, ilicheza vizuri noti mojamoja. Ukikanyaga pedali na kupiga kodi kubwa, noti zilikatwa au zilikosekana kabisa. Kwenye `Task Manager`, diski ilionyesha `Active time` ya asilimia 100, lakini kasi ya kusoma ilikuwa megabaiti chache tu kwa sekunde. Watu huona hiyo kasi ndogo na kudhani diski imepumzika.

Fikiria kinachotokea. Noti kumi zinalia, na kila moja imerekodiwa kwa maiki tatu, kwa hiyo diski inasoma sehemu 30 tofauti kwa wakati mmoja. Kila sehemu, ikiwa ni sterio ya biti 24, inahitaji kama megabaiti 0.26 kwa sekunde. Jumla ni chini ya 8, mzigo mwepesi hata kwa USB 2.0. Lakini diski ngumu ina mkono unaosogea, na kila kuruka kwenda sehemu nyingine hula takriban milisekunde 12. Mara 30, ni milisekunde 360 kabla ya kurudi kwenye noti ya kwanza. Kontakt huwa imeshika mwanzo tu wa kila sampuli kwenye RAM, kawaida kilobaiti 60, ambazo ni kama milisekunde 230 za sauti. Zikiisha kabla mkono haujarudi, noti inakatika.

Kwa hiyo kuhamia kwenye tundu la USB 3.0 hakutaondoa tatizo hilo, ingawa kutaharakisha kunakili. Kuna njia mbili. Ya bure ni kuingia `Options` za Kontakt, sehemu ya `Memory`, na kuongeza `preload` hadi 120, ambayo inanunua karibu milisekunde 450. RAM itakayotumika kwa piano hiyo itakaribia kuwa mara mbili, na kwa giga 8 huenda usiweze kufungua piano na nyuzi pamoja. Ukizima maiki moja au mbili za piano pia unapunguza sehemu za kusoma. Njia ya kudumu ni SSD, kwa kuwa haina mkono wa kusogeza. SSD ya SATA ndani ya kijumba cha USB 3.0 inatosha; ile ya NVMe ya bei ya juu haitakuongezea noti hata moja kwenye piano hii.

Ukinunua, epuka zile za bei ya kutupa zilizoandikwa `2TB`. Nyingine zimedanganywa zionyeshe ukubwa ambao hazina, na utagundua siku zitakapojaa na sampuli kuharibika kimyakimya. Kabla ya kuweka chochote, zijaze na kuzisoma upya kwa programu ya bure ya `H2testw`. Muuzaji asiyetaka ufanye jaribio hilo dukani kwake, mwachie mali yake.

Fomati iwe NTFS kama unatumia Windows pekee, au exFAT kama diski inazunguka kati ya Windows na Mac. FAT32 haipokei faili inayozidi giga 4, na faili za maktaba za sauti huzidi hapo mara kwa mara. Intafesi ipewe tundu lake la USB, diski lake. Kisha fungua `Disk Management` uipe diski herufi ya mbali, mfano `S:`, ili siku flashi ya mteja ikitangulia kuchomekwa isichukue `E:` na kuifanya Kontakt idai kwamba sampuli zote zimepotea.